Katibu na Amana: Barua Moja ya Milola

Lugha yetu ina kitenzi kimoja chenye nyuso mbili. Kusanifu ni kutunga au kutengeneza kitu kwa ustadi, na kwa maana hiyo twasema Kiswahili sanifu, ushairi uliosanifiwa, na barua iliyosanifiwa. Lakini mtu akimwambia mwenzake, "Usinisanifu," maana yake ni kuwa asimfanyie mzaha, asimgeuze mjinga. Kwa muda mrefu nilidhani kuwa maana hizi mbili zimekutana katika neno moja kwa bahati tu. Sasa nasadiki kuwa ziko karibu sana, kwani aghalabu anayeisanifu barua ya mtu asiyejua kuandika humsanifu na mwenye barua pia, bila ya kukusudia.

Katika makala haya nataka kuichambua barua moja fupi iliyotoka Milola, katika wilaya ya Lindi, ambayo mimi mwenyewe niliiandika vibaya. Wahakiki wetu wamezoea kupima tenzi na riwaya, na barua za watu wa kawaida wameziacha kwa watu wa historia na wa forodha. Hata hivyo barua ina jambo ambalo utenzi hauna. Utenzi ukiharibiwa na mnakili, atakayepata hasara ni msomaji. Barua ikiharibiwa na katibu, yuko mtu ambaye kesho ataulizwa kwa nini hakutimiza neno ambalo hakulisema.

Mjomba wangu ni mkulima. Katika nchi ya Wamwera mjomba si mtu wa kupuuzwa, na akikuita umwandikie barua huna budi kwenda. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa likizoni kutoka chuoni, aliniita nimwandikie mtu mmoja wa Lindi mjini ambaye alikuwa amempa fedha wakati wa ugonjwa wa nyumbani. Alikaa barazani, mimi nikakaa mkekani na kalamu, naye akasema maneno haya, ambayo niliyaandika kwanza kama yalivyotoka kinywani mwake:

"Mwambie salamu. Zile fedha nakumbuka, sikusahau. Alinipa laki mbili na arobaini. Nimerudisha tisini. Mpunga upo bondeni, haujavunwa. Nikipata gunia saba nitauza tatu nimpunguzie. Ikiwa chini ya hapo, sijui, tutasema. Nataka nije Jumatatu baada ya Idi, saa mbili, kama gari lipo."

Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, nami nilijiona fundi. Maneno ya mzee yalinionekea makavu na ya mkatomkato, yasiyostahili kupelekwa kwa mtu wa mjini. Basi nikaketi usiku nikayasanifu, na asubuhi nilikuwa na barua hii:

"Kwa heshima na taadhima nakiri kuwa nadaiwa nawe kiasi cha shilingi 150,000, na nakushukuru kwa subira yako. Napenda kukuhakikishia kuwa, mara baada ya kuvuna mpunga wangu wa magunia saba, nitauza sehemu ya mavuno hayo na kulimaliza deni lako. Nitafika kwako siku ya Jumatatu, saa 2:00 asubuhi, mara tu baada ya sikukuu. Tafadhali usiwe na shaka yoyote."

Nilimsomea haraka haraka, naye akasikia Kiswahili kizuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatia kidole gumba. Barua ikaenda. Mpunga ulipovunwa yakatoka magunia matano. Yule bwana wa Lindi alikuja na barua mkononi, mbele ya wazee, akaisoma kwa sauti. Hakuwa mtu mbaya. Kwa kutegemea barua ile yeye naye alikuwa amemwahidi mtu mwingine fedha. Mjomba alinitazama, akasema maneno machache tu: "Maneno yangu yalikuwa na mlango. Wewe umeufunga."

Sasa na tuziweke barua hizi mbili ubavu kwa ubavu, tuone mlango huo ulikuwa wapi.

Kosa la kwanza ni lile ambalo kila mtu huliona, yaani ahadi iliyozidishwa. Mjomba alisema "nimpunguzie", mimi nikaandika "kulimaliza deni lako". Kupunguza na kumaliza si neno moja lenye nguo mbili. Ni matendo mawili, na baina yao pana magunia ya mpunga. Tena mwanzoni mwa kila neno lake la mbele palikuwa na sharti: "nikipata", "ikiwa chini ya hapo", "kama gari lipo". Sarufi ya Kiswahili imempa mzungumzaji kiambishi kidogo mno, -ki-, cha kubebea sharti zima, na kwa sababu ni kidogo, katibu mwenye haraka hukiangusha bila ya kusikia kishindo. "Nikipata magunia saba nitauza" ilikuwa matumaini. "Baada ya kuvuna magunia saba nitauza" ni habari iliyokwisha thibitika. Tarakimu saba haikubadilika hata kidogo, na bado imekuwa uongo, kwa kuwa imetolewa katika sentensi ya sharti ikatiwa katika sentensi ya hakika.

Yafaa mwanafunzi azingatie jambo hili, kwani wengi hudhani kuwa kulinda hesabu ni kulinda tarakimu tu. Hesabu ina tarakimu, ina kipimo, na ina hali. Saba ni tarakimu. Gunia ni kipimo. "Nikipata" ni hali. Ukiharibu mojawapo umeiharibu hesabu yote. Namshukuru Mungu kuwa sikukigusa kipimo, ingawa nilishawishika kuandika kilo, kwa kuwa kilo huonekana za kitaalamu zaidi. Gunia la mpunga halina uzito mmoja. Liko lililofungwa kwa kadiri, na liko lumbesa lililoshindiliwa na kuongezwa juu hata likavimba. Ambaye angeandika kilo mahali pa gunia angekuwa ametunga idadi ambayo mwenye shamba hakuipima.

Kosa la pili limejificha zaidi, nalo ni adabu. Hebu mwangalie yule "napenda kukuhakikishia" na yule "usiwe na shaka yoyote". Mjomba hakuyasema, wala mimi sikuyatia kwa nia ya kumwahidia mtu kitu. Niliyatia kwa kuwa barua nzuri, kama nilivyofundishwa, humalizwa kwa maneno laini. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya namna hii. Katika barua za kale za pwani, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandishi alianza kwa kumtaja mpokeaji kwa sifa, akafuatisha salamu na dua, akaja kwenye "ama baada", ndipo akasema haja yake, akafunga kwa "wasalaam". Mpango ule ulikuwa na hekima, kwa sababu mapambo yalikuwa na chumba chao na haja ilikuwa na chumba chake. Hakuna mpokeaji aliyedhani kuwa dua ya afya njema ni deni. Sisi wa leo tumevunja ukuta huo. Tumeyachukua mapambo tukayatia ndani ya haja yenyewe, na pambo likiingia katika haja hugeuka ahadi. "Nakuhakikishia" ni dhamana. "Usiwe na shaka" ni dhamana ya pili. "Mara baada" ni tarehe. Katibu ameandika adabu, na mpokeaji amesoma mkataba.

Kosa la tatu ndilo lililonifundisha zaidi, nalo halikuwa kosa la hesabu kabisa. Niliandika shilingi 150,000. Toa 90,000 katika 240,000, utapata 150,000; mwalimu yeyote angenipa alama zote. Lakini mjomba hakuitaja jumla ile, na nilipomwuliza baadaye kwa nini, alinieleza. Kabla ya kurudisha zile elfu tisini alikuwa amempelekea yule bwana madebe mawili ya mchele, nao walikuwa hawajapatana kama mchele ule ulikuwa zawadi au sehemu ya malipo. Alinuia kulizungumza jambo hilo uso kwa uso, siku ya Jumatatu. Kwa hiyo alitaja kilichotolewa, akataja kilichorudishwa, na kilichobaki akakiacha wazi makusudi. Mimi nikaona pengo, nikalijaza, na kwa kulijaza nikayafuta madebe mawili ya mchele. Tena juu yake nikaandika "nakiri", neno la barazani kwa kadhi, ilhali yeye alisema "nakumbuka". Kukumbuka fedha ni uungwana. Kukiri deni la kiasi fulani ni ushahidi dhidi ya nafsi yako.

Basi kanuni ninayoitoa hapa ni kuwa hesabu iliyo sahihi yaweza kuwa nyongeza. Katibu hana ruhusa ya kutoa, kujumlisha, wala kugeuza, hata kama jibu lake halina shaka, maadamu mwenye barua hakulitaja jibu hilo. Aweza kumwuliza, "Je, nitaje kilichobaki?" Hilo ni swali halali. Jibu likiwa "Hapana", pengo ni sehemu ya maana, nalo lilindwe kama neno.

Wakati nao una mitego yake. Mjomba alisema saa mbili, mimi nikaongeza "asubuhi" kwa kukisia. Kwa bahati nilikisia sawa, lakini saa mbili iko pia ya usiku, na mtu wa ofisini anayesoma "2:00" huenda akaelewa saa nane mchana, kwa kuwa saa yetu ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapotoka na ile ya maandishi ya ofisini huanza usiku wa manane. Tena alisema "baada ya Idi". Idi hufuata mwezi mwandamo, na katika kalenda ya miladi hurudi nyuma kadiri ya siku kumi na moja kila mwaka. Katibu anayeandika tarehe kamili kabla mwezi haujaonekana amejitwika kazi ya mwezi. Ni bora kuiacha "Jumatatu baada ya Idi", ambayo watu wawili wote wanaifahamu, kuliko kuandika tarehe nzuri ambayo yaweza kuangukia siku ya sikukuu yenyewe.

Yamkini msomaji ataniambia kuwa, kwa sheria kali namna hii, katibu hana kazi. Na aandike tu kama alivyosikia. Sivyo. Barua ya kwanza, ile ya kinywani, ilihitaji kutengenezwa kweli. "Laki mbili na arobaini" kwa msikilizaji wa Milola ni 240,000 bila shaka, lakini katika karatasi mtu mkorofi aweza kusema kuwa ni laki mbili na shilingi arobaini. "Tisini" peke yake ni mbaya zaidi. Kazi ya katibu ni kuuondoa utata ambao mwenye barua hakuukusudia, na kuuacha ule aliokusudia. Na njia ya kuutambua mmoja na mwingine ni kuuliza, si kukisia. Kama ningefanya hivyo, barua ingekuwa hivi:

"Baada ya salamu. Fedha ulizonipa nazikumbuka, sikuzisahau. Ulinipa shilingi 240,000 (laki mbili na elfu arobaini). Nimekwisha kurudisha shilingi 90,000 (elfu tisini). Mpunga wangu ungali bondeni, haujavunwa. Nikipata magunia saba, nitauza matatu ili nikupunguzie. Nikipata pungufu ya hayo, itatubidi tuzungumze tena. Nataka kuja kwako Jumatatu baada ya Idi, saa mbili asubuhi, gari likipatikana. Wasalaam."

Hii si barua ya mkatomkato. Inasomeka vizuri, ina utaratibu, nayo ina heshima. Lakini kila neno lililoongezwa, yaani "elfu", "asubuhi", na idadi iliyoandikwa kwa tarakimu na kwa maneno pamoja, ni jibu la swali ambalo mjomba angeweza kulijibu kwa neno moja. Kuandika idadi mara mbili si upuuzi wa mabenki. Makatibu wa hati za Kiislamu walijua tangu zamani kuwa tarakimu ni rahisi kughushiwa, nao wakawa na desturi ya kutaja kiasi na kisha kutaja nusu yake: mia mbili, nusu yake mia. Atakayeongeza sifuri mahali pamoja atasutwa na nusu iliyoko mahali pengine.

Namna ya kujikagua nayo si ngumu. Kabla ya kugusa neno, chukua karatasi ya pembeni uandike kila idadi, kila jina, kila siku na kila sharti lililomo katika maneno ya mwenyewe. Katika maneno ya mjomba ungepata idadi nne za vitu, ambazo ni 240,000, 90,000, magunia saba na magunia matatu. Ungepata siku moja na saa moja. Na masharti matatu. Ukiisha kusanifu, ifunike karatasi ile, uisome barua mpya kama kwamba umeletewa na tarishi, na utoe orodha ya pili. Orodha mbili zikilingana, umepona. Katika barua yangu mbaya orodha ya pili ingekuwa na 150,000 ambayo haikuwako katika ya kwanza. Ingekosa 240,000, 90,000 na yale magunia matatu, ambayo yamekuwa "sehemu ya mavuno". Na masharti yangekuwa sifuri. Sifuri hiyo peke yake ingetosha kunistua. Hatimaye msomee mwenyewe, si kwa kuisoma barua, kwani Kiswahili kizuri humlevya msikilizaji, bali kwa kumweleza kwa maneno ya nyumbani: "Hapa unasema utalimaliza deni lote ukivuna. Ndivyo?" Mjomba angeruka juu palepale.

Bado liko swali la ukali, ambalo kwa katibu ndilo gumu kuliko yote. Je, tuna haki ya kulainisha maneno makali? Nchi yetu hii ya kusini ina mfano mkubwa. Mnamo mwezi wa Mei, mwaka 1890, majeshi ya Wissmann yalitwaa Kilwa na Lindi, na mwaka huo huo Machemba, mtawala wa Wayao aliyekuwa bara ya Lindi, alimpelekea jibu lililoandikwa kwa Kiswahili. Sitalinukuu, maana yake yajulikana. Alisema kuwa hakuona sababu ya kumtii. Akatenga mambo mawili: urafiki, ambao alikuwa tayari kwao, na kuwa chini ya mtu, ambako hakuwa tayari. Akasema kuwa wote wawili ni viumbe vya Mungu, kila mmoja sultani katika nchi yake, na kwamba yeye hamtaki Wissmann amtii. Akamaliza kwa kusema kuwa hatakwenda, na mwenye nguvu na amfuate.

Lau jibu lile lingepita mikononi mwa katibu mwenye hofu, angefanya nini? Angeanza na urafiki, kwa kuwa ndio mtamu, akaurefusha. Akaligeuza "siji" kuwa "sijapata nafasi ya kuja". Akatia mwishoni "mtumishi wako". Asingebadili jina hata moja, nalo jibu lingekuwa la kutii. Ukali wa Machemba haukuwa hasira iliyomponyoka. Ulikuwa ndio habari yenyewe. Neno lolote kali ambalo likitolewa mpokeaji atafanya tendo jingine, si pambo, ni maana. Mtu akitukana kwa uchungu, kisha akasema haja yake, waweza kumwuliza kama tusi lile likae. Lakini "siji" haliulizwi.

Na asidhani mtu kuwa kupunguza ni salama kuliko kuongeza. Mwezi Julai, mwaka 1870, mfalme wa Prussia alipokuwa Ems, habari ya mazungumzo yake na balozi wa Ufaransa ilipelekwa kwa Bismarck kwa simu ya maandishi. Bismarck aliifupisha kabla ya kuitoa magazetini, akaondoa maelezo yaliyoulainisha mkutano ule, hata ikaonekana kama kwamba balozi amefukuzwa mlangoni. Kazi aliyoifanya hasa ni ya mkasi. Tarehe 19 ya mwezi huo Ufaransa ikatangaza vita. Mimi pale Milola nilikata maneno matatu, "kama gari lipo", nikiyaona ya kitoto. Jumatatu ile gari halikupatikana, na yule bwana alikaa akimngoja mjomba tangu asubuhi.

Deni lilikwisha mwaka uliofuata, na madebe mawili ya mchele yakahesabiwa kuwa malipo baada ya mazungumzo marefu. Mjomba hakuacha kunituma nimwandikie. Ila tangu siku hiyo, nikimaliza kuandika, hunitaka niiweke karatasi chini, nimweleze kwa kinywa alichosema yeye. Ndipo hunyosha kidole gumba.